Nilivyoikimbia Shilingi

Ninapika mahamri na mbaazi Mombasa, na msimu wa harusi ukifika napika pilau za watu. Kwa miaka mingi nimekuwa na daftari ambamo naandika kila ninachonunua: unga wa ngano, sukari, iliki, nazi, makaa na mafuta. Daftari hilo ndilo lililonitia hofu, na daftari hilohilo ndilo lililonirudisha baadaye.

Mwanzoni mwa 2021 niliandika mtungi wa mafuta wa lita 20 kwa shilingi 3,400. Mwishoni mwa Machi 2022 niliandika 5,700. Hamri moja bado nilikuwa nauza shilingi 10, kwa sababu mteja wa alfajiri, anayekimbilia kivuko au kituo cha matatu, ana shilingi 10 mkononi na hana 12. Nilichofanya ni kupunguza donge. Wateja waliona, wakanyamaza, wakaanza kununua matatu badala ya mawili.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 300,000, niliyoikusanya kwa miaka saba. Nusu ilikuwa nyumbani na nusu kwenye akaunti ya benki isiyozaa chochote. Usiku mmoja nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Mwanzoni mwa 2021 pesa hizo zingenunua mitungi 88 ya mafuta. Sasa zingenunua 52. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, hakuna noti iliyopotea, lakini mitungi 36 ilikuwa imeondoka. Asiyewahi kupiga hesabu ya namna hii kwa kitu anachokinunua kila wiki hawezi kujua kwa nini watu wenye akili zao hukimbilia vitu wasivyovielewa. Mimi nilikimbia, na sikuwa mjinga. Nilikuwa nimeona kitu cha kweli.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye aliyenionyesha pa kukimbilia. Alikuja na simu yenye mchoro wa mistari mitatu inayopanda na mmoja unaoshuka. Uliokuwa ukishuka ni shilingi. Iliyokuwa ikipanda ni dhahabu, hisa na bitikoini. "Shemeji," akaniambia, "shilingi inachapishwa. Dhahabu haichapishwi. Bitikoini nayo zitafika milioni 21 tu, basi, hata rais hawezi kuongeza moja." Maneno hayo yaliniingia. Hata leo nasema hakusema uongo. Kilichokosekana ni maswali ambayo mchoro ule haukuyajibu, nami sikujua kuyauliza.

Wiki ya kwanza ya Aprili 2022, Ramadhani ikianza na jiko langu likiwa na kazi ya futari, niligawa akiba yangu mafungu matatu ya laki moja moja.

Fungu la kwanza lilinunua bitikoini. Nilimtumia mtu pesa kwa M-Pesa, yeye akanipa dola za kidijitali kwa shilingi 119 kila moja, ingawa benki siku hiyo zilikuwa zikiiuza dola kwa karibu 115. Bitikoini nzima ilikuwa karibu dola 46,000, kwa hiyo nilipata vipande vya 0.018. Fungu la pili lilikwenda kwa sonara: bangili ya karati 21, gramu 13 na nusu, kwa shilingi 7,400 kila gramu. Fungu la tatu nililipeleka kwa dalali wa hisa, akaninunulia hisa 2,800 za kampuni moja kubwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kila moja karibu shilingi 34. Pamoja na ada ilifika kama 97,000. Nikalala nikijua nimetia mayai yangu katika vikapu vitatu.

Jambo moja sikulitia maanani hata kidogo. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaingia chuo cha uuguzi Januari. Mwaka wa kwanza, pamoja na chumba na sare, ulihitaji 140,000, na pesa hizo zilikuwa humo humo.

Wiki ya mwisho ya Desemba nilianza kuuza. Bitikoini ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 16,500, na vipande vyangu vikanipa shilingi 36,000. Hisa ilikuwa kama shilingi 24. Baada ya ada nilipata karibu 66,000, na kabla ya hapo nilikuwa nimepokea gawio la kama elfu mbili. Nikaona angalau dhahabu itaniokoa, kwa sababu redio na simu zote zilikuwa zikisema dhahabu haijaanguka.

Yule sonara ni mzee aliyerithi mizani kwa babake. Aliiweka bangili juu ya mizani, akapiga hesabu kwenye karatasi, akaniambia shilingi 77,000. Nikamwuliza kama amenikosea, maana nilimlipa laki moja miezi minane tu iliyopita. Akanivutia kiti.

"Mwanangu, kaa nikuonyeshe," akasema. Alianza na bei ya dunia. Aunsi moja, ambayo ni gramu 31.1, ilikuwa dola 1,930 nilipoinunua bangili kwake Aprili, na sasa ni kama 1,820. Kwa dola, dhahabu ilikuwa imeshuka. Lakini dola nayo ilikuwa imepanda kutoka shilingi 115 hadi 123, kwa hiyo ukigeuza kuwa shilingi, gramu ya dhahabu safi ilikuwa karibu 7,100 wakati ule na karibu 7,200 sasa. Haikuongezeka wala kupungua. Kisha akanikumbusha kwamba bangili yangu si dhahabu safi. Karati 21 ni sehemu 21 kati ya 24, yaani asilimia 87.5, na gramu yake ilikuwa na dhahabu ya kama shilingi 6,250 siku niliyoinunua. Zile 7,400 nilizolipa zilikuwa na ujira wa fundi na faida ya duka ndani yake. Na yeye akinunua dhahabu kuukuu, hukata kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu ataiyeyusha, itapungua, na naye lazima ale.

"Bangili hukununua kwa kuweka akiba tu," akaniambia. "Ulinunua na uvaaji. Uvaaji sirudishi mimi."

Nilirudi nyumbani na bangili yangu mkononi. Bitikoini na hisa zilinipa 102,000, na zile 38,000 zilizobaki nilikopa katika chama chetu, nikazilipa pamoja na faida yake hadi Agosti. Mtoto alisoma. Lakini mimi nilikaa na swali lililoninyima usingizi. Kama mfumuko wa bei ulikuwa juu, na kila mtu anasema vitu hivi vitatu ni dawa ya mfumuko, mbona mgonjwa amezidiwa mwaka uleule ambao dawa ilitakiwa ifanye kazi? Oktoba 2022 mfumuko wa Kenya ulikuwa umefika asilimia 9.6, wa juu kuliko miaka mitano iliyotangulia. Huo ndio ulikuwa wakati wake hasa.

Jibu nililipata polepole, nikisoma kurasa za biashara na kuuliza watu, na lilinibadilisha zaidi ya hasara yenyewe. Bei zilipanda Marekani pia mwaka ule. Ili kuzizuia, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi hadi zaidi ya asilimia 4 kufikia Desemba. Riba hiyo ikawa kama sumaku. Mwekezaji wa ng'ambo aliyekuwa na hisa Nairobi akaona anaweza kupata faida nzuri nyumbani kwao bila hatari, akauza hisa. Alipouza alipata shilingi, na shilingi hizo akazigeuza dola ili aondoke, kwa hiyo bei ya hisa ikashuka na shilingi yetu ikadhoofika kwa mkono mmoja. Waliokuwa wamenunua bitikoini kwa pesa rahisi za miaka ya kabla yake nao wakarudi nyuma. Mwezi Mei sarafu ya Terra ikaanguka, na Novemba likafuata soko la FTX. Zile milioni 21 hazikuongezeka hata moja, ila wanunuzi walipungua, na bei ya kitu hutengenezwa na wingi wake na wanunuzi wake kwa pamoja. Dhahabu haizai riba, kwa hiyo nayo ililemewa na riba ya dola, ijapokuwa kwetu ilishikiliwa na udhaifu wa shilingi.

Kumbe vikapu vyangu vitatu vilikuwa ndani ya mtumbwi mmoja. Mfumuko ulinisukuma kuingia, na dawa ya mfumuko ndiyo iliyoupindua mtumbwi. Hili sikulisikia kwa mtu yeyote aliyekuwa akinihimiza ninunue.

Kisha nikarudi kwenye mafuta. Bei yake ilikuwa imepandishwa na vita vya Ukraine, na mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ikasimamisha kuuza mafuta ya mawese nje. Mei mtungi ulifika 6,300. Marufuku hiyo ilipoondolewa mwezi uleule, bei ilianza kurudi chini, na kufikia Desemba nilikuwa nanunua kwa 4,600. Kitu kilichonitia hofu kilishuka bila kuiuliza bitikoini wala bangili. Wakati huohuo unga wa mahindi ulikuwa juu kwa sababu mvua zilikuwa zimekosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za nchi. Hakuna uzi unaofunga mvua ya Kitui na bei ya bitikoini. Mfumuko unaotangazwa ni wastani wa kapu la taifa, ambalo chakula ni karibu theluthi yake. Katika daftari langu chakula ni zaidi ya nusu. Mtu anayeniambia kitu fulani "kinashinda mfumuko" inabidi aniambie mfumuko wa nani.

Nikautazama upya mchoro wa shemeji. Mstari wa bitikoini ulianza 2015, ilipokuwa dola mia chache tu. Wa dhahabu ulianza mwaka 2000, ilipokuwa chini ya dola 300. Kila mstari ulikuwa umeanzia shimoni. Laiti ule wa dhahabu ungeanzia Januari 1980, aunsi ilipogusa dola 850, ungemwonyesha mtu aliyenunua siku ile akishuka hadi karibu dola 250 mwaka 1999, na kurudi pale alipoanzia mwezi Januari 2008. Katika miaka hiyo 28 bei za vitu Marekani zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Mtu huyo alinunua dhahabu kwa kuogopa mfumuko, na mfumuko ukamshinda karibu maisha yake yote ya kazi. Mchoro wa aina hii ni sahihi kila nukta yake, na bado unapotosha, kwa sababu aliyeuchora ndiye aliyechagua siku ya kuanza, nami nilinunua siku nyingine.

Kosa lingine la mchoro lilikuwa lile lililoniumiza zaidi nilipoligundua, kwa kuwa lilikuwa rahisi sana. Mstari wa shilingi ulikuwa wa noti iliyolala chini ya godoro. Dhahabu na hisa zilikuwa zinashindanishwa na noti isiyofanya kazi. Lakini shilingi ina njia ya kufanya kazi. Aprili 2022 hati za Hazina za siku 364, ambazo Benki Kuu ya Kenya huuzia umma kwa niaba ya serikali, zilikuwa zikitoa kati ya asilimia 9 na 10 kwa mwaka, na zile za siku 182 zaidi ya 8. Nikapiga hesabu ya vile ningefanya: laki moja katika hati ya siku 182 mwezi Aprili, ikiiva Oktoba niiweke tena siku 91 hadi Januari. Baada ya kodi ya asilimia 15 ya faida, ningepata karibu 105,000. Kweli, ningekuwa nimeachwa kidogo na bei za sokoni. Hapo mfumuko ungenikata kidole. Mimi nilikimbia kukatwa kidole, nikakatwa mkono. Jirani yangu Mwislamu, ambaye riba haigusi, aliweka zake katika akaunti ya mudharaba ya benki ya Kiislamu. Gawo lake lilikuwa dogo kuliko hati za Hazina, lakini Januari alizikuta zote na nyongeza juu.

Sitaki mtu asome hapa kwamba bitikoini ni uovu. Kama ningeacha vile vipande 0.018 hadi mwisho wa 2023, bitikoini ikiwa dola 42,000 na dola ikiwa shilingi 157, vingekuwa karibu 118,000. Machi 2024 vingezidi 160,000. Shemeji yangu hakuuza, na amefaidika, nami namfurahia. Lakini yeye hakuwa na mtoto wa kulipiwa karo Januari ile. Hisa zilezile, kwa upande mwingine, mwisho wa 2023 zilikuwa chini ya shilingi 14, kwa hiyo huko kusubiri kungeniongezea hasara. Hakuna aliyeweza kunipigia mstari Aprili 2022 aniambie hiki kitasubiriwa na kile kisisubiriwe. Jambo pekee nililokuwa na uwezo wa kulijua siku ile ni tarehe ya karo, na hilo ndilo nililoacha kuliweka kwenye hesabu.

Mapema 2024 nililiona jambo lilelile likimpata mdogo wangu mwenyewe. Dola ilikuwa imefika kama shilingi 160 mwezi Januari, na kila mtu akisema itafika 200. Alinipigia simu akisema anageuza akiba yake yote kuwa dola za kidijitali kabla shilingi haijafa. Nilimsihi asubiri, hakusubiri. Februari serikali ikapata mkopo mpya wa kulipia ule wa kimataifa uliokuwa ukiiva Juni, hofu ikaondoka sokoni, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Alipoteza karibu moja ya tano katika miezi miwili, bila dola kupungua hata senti. Hata dhahabu, ambayo kwa dola ilipanda miezi hiyo, kwa shilingi ilishuka. Na dukani? Unga haukushuka kwa moja ya tano, nauli haikushuka, kodi ya nyumba haikushuka. Ndipo nilipoelewa kwamba kuporomoka kwa sarafu na kupanda kwa bei ni ndugu wawili wanaofanana sura ambao hawatembei pamoja kila siku. Dola inakulinda na wa kwanza. Wa pili unaweza kumkuta bado amekaa nyumbani kwako.

Watu hunijibu kwa Zimbabwe. Ni kweli, mwaka 2008 aliyekuwa na dola ya Marekani, ng'ombe, hisa au pete ya dhahabu Harare alikuwa tajiri kuliko aliyekuwa na gunia la noti, kwa sababu bei zilikuwa zikibadilika asubuhi na jioni. Sarafu ikifa, karibu chochote ni bora kuliko sarafu. Mfumuko wa asilimia 9 si kifo cha sarafu. Ni homa, nayo inahesabika: katika mwaka mmoja inakula kama shilingi 8 katika kila mia. Bitikoini yangu ilipoteza 64 katika mia kwa miezi minane. Anayechukua hofu ya Harare na kuinunulia dawa huku Mombasa anatibu ugonjwa asiokuwa nao kwa dozi inayoweza kumlaza.

Siku hizi ukurasa wa kwanza wa daftari langu una tarehe kabla ya bei. Pesa yenye tarehe ndani ya mwaka mmoja na nusu, karo, bima, mashine ya kukandia unga, hukaa katika hati za Hazina, na hapo siulizi kama dhahabu imepanda. Kidogo kisicho na tarehe kiko kwenye hisa za kampuni tano, nami hupokea gawio na kuliandika. Na nikiona bei ya mafuta iko chini msimu wa harusi ukikaribia, nanunua mitungi minne mapema. Zaidi ya hapo sinunui, kwa kuwa mafuta yakikaa kwenye joto la stoo yangu huanza kunuka, na kwa kuwa nilishawahi kuona 6,300 ikigeuka 4,600.

Bangili bado ninayo. Oktoba 2025, dhahabu ilipopita dola 4,000 kwa aunsi, nilimpelekea yule mzee aipime tena. Akaandika 175,000 kwenye karatasi, baada ya kukata sehemu yake. Mwezi huo mfumuko wa Kenya ulikuwa chini ya asilimia 5, na mafuta yangu yalikuwa yametulia. Nikamwuliza kwa nini dhahabu imepanda sasa, wakati bei zimelala, na haikupanda mwaka ule nilipoihitaji. Akasema yeye hupima uzito tu.

Sikuiuza. Mwanangu wa pili, msichana, anamaliza shule mwaka wa 2027, na karo yake iko mahali pengine, ina tarehe yake. Bangili nimemwambia ataivaa siku ya harusi yake, na kama siku moja atahitaji kuiuza, aende akijua kwamba sonara hatamrudishia uvaaji.